Barua kwa mwanangu: bibi yako na simu ya video

“Shikamoo Baba. Jumamosi nimempigia bibi kwa video kwa mara ya kwanza. Hakutaka hata salamu, kaniuliza maswali mbiombio, kisha kakata. Nimemkosea nini?”

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako umenikuta kibandani hapa Ngamiani, nina simu ya mtu mezani nimeshaitoa kioo. Nimemrudishia mwenyewe simu yake ndipo nikakaa kukuandikia, maana jambo hili si la kujibiwa kwa mkono mmoja.

Kwanza nikuulize: ulimpa taarifa? Mwanaidi anasema hapana. Ilikuwa saa tisa alasiri huko Bweni, bibi yako yuko uani juu ya mbuzi anakuna nazi, simu ikalia, Mwanaidi akabonyeza na kumkabidhi. Naye akaiweka sikioni. Kwa hiyo mjukuu wa Leeds uliona sikio la bibi yako na kipini chake, na yeye akasikia sauti yako inapiga kelele, “Bibi, niangalie!” Aangalie wapi? Mimi nimesema siku zote, mtu mzima huombwa hodi. Simu ya sauti inabisha mlangoni, ya video inaingia hadi uani. Ungeandika kwa Mwanaidi nusu saa kabla, bibi yako angenawa mikono, akajitanda vizuri, akakaa akitazama mlango. Badala yake aliupa mgongo, mwanga wote ukaja nyuma yake, na ndiyo maana unasema uso wake ulikuwa mweusi hukumjua. Kamera hupima mwanga wa picha nzima. Mlango ukiwa na jua kali, inaififisha picha yote na uso unapotea. Umgeuze kidogo tu na uso unarudi.

Sasa hizo salamu. Unasema hakuzitaka. Mwanaidi anasema alizianza. Wewe ulisema shikamoo, yeye akasema hujambo mjukuu wangu, na yote mawili yakaondoka pamoja. Simu ikiwa kwenye spika, inapunguza kipaza sauti chake wakati spika inatoa sauti, la sivyo ungesikia maneno yako mwenyewe yakikurudia. Simu nzuri huweza kuzipambanua sauti mbili zinapopishana; ile ya Mwanaidi ni ya bei rahisi, nimeifungua mwenyewe naijua. Inaachia mmoja na kummeza mwingine. Ongeza na ule ucheleweshaji wa safari ya sauti kutoka huko hadi Bweni: “marahaba” yake ilikufikia wewe umeshahamia kwenye “habari za hapo”. Na sisi salamu zetu tunazipokezana bila nafasi, mmoja hajamaliza mwenzake ameshaingia. Simu hiyo haiwezi. Ukitaka kumsalimia, mwachie yeye aanze, hesabu moja, mbili, ndipo ujibu. Nawe vaa spika za masikioni. Yeye usimlazimishe, atasema zinamwasha.

Lakini hapo sijakujibu, najua. Kwa nini alipoona salamu zinagongana hakurudia, akaingia moja kwa moja kwenye “Unakula? Unalala? Kazini wanakulipa?”

Sijui kama nimewahi kukusimulia ile simu ya Muscat. Shamba la Mwera unalijua, kila Idi shangazi zako hawaachi kulitaja. Mjomba Seif alikuwa ameshahamia Oman, kama wengi wa pwani waliokwenda baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Alikuwa akituletea kanda. Anazungumza upande A, upande B anauacha mtupu, bibi yako anajirekodi humo na kanda inarudi na msafiri. Kanda haikuwa na haraka. Bibi yako aliweza kusalimia upande mzima, na mjomba akafurahi.

Mwaka 1984 akatokea mtu wa kulinunua lile shamba, na minazi nusu ilikuwa ya mjomba. Kanda ingechelewa. Tukavuka kwa pantoni, tukapanda basi hadi Tanga mjini kupiga simu ya nje. Nilikuwa mtoto, nilibeba mfuko wa machungwa. Unaomba namba, unalipia dakika tatu, unakaa kwenye benchi mpaka uitwe. Tulikaa tangu asubuhi hadi adhuhuri imepita. Wakaita, “Muscat, chumba cha pili!” Bibi yako akaingia, nami nikaingia naye, tumebanana mle.

Akasalimia. Mwanangu, alisalimia! Hujambo, shemeji hajambo, watoto, majirani, joto la huko, mguu wako, yule mzee wa Mwera kafariki tumezika Jumanne. Na sauti wakati ule nayo ilikuwa ikichelewa, kila jibu linakuja baada ya kimya. Nilimvuta kanga, nikamwambia, “Mama, shamba.” Akasema, “Ngoja, sijamuuliza mkwe wake.” Ndipo yule dada wa mitambo akaingia katikati: “Dakika tatu zimekwisha, mnaongeza?” Hatukuwa na pesa ya kuongeza, tulikuwa na nauli tu. Bibi yako akasema “Seif, shamba…” na ikakatika.

Shamba liliuzwa. Kanda ya mjomba ilikuja baadaye, upande A wote anaomba lisiuzwe, akistaafu anarudi kujenga. Hakurudi. Ile kanda nadhani bado iko kwenye kasha lake, usimuulize.

Kwa hiyo mimi nikisikia amekukimbiza, nasema ni Muscat hiyo. Mtu aliyewahi kukatiwa simu hivyo hawezi kuamini kwamba wewe unaweza kuongea saa nzima kwa bando. Atataka kujua la maana kwanza: unakula, unalala, unalipwa.

Ila tena Mwanaidi ana yake. Anasema bibi alikuwa anaendelea vizuri tu, mpaka alipojiona kwenye ile picha ndogo ya pembeni. Akayaona maandishi ya kanga yake yamekwenda kinyumenyume. Picha ile ya kujitazama mwenyewe hupinduliwa kama kioo, huku wewe unayaona maandishi yamenyooka. Yeye akadhani kavaa kanga ndani nje mbele ya mjukuu wake aliye Ulaya. Akamwambia Mwanaidi, “Nishikie, nigeuze nguo,” na katika kuishika kidole kikagusa kile kitufe chekundu. Basi huenda hakukata hata kidogo. Huenda alikwenda kubadilisha kanga, akarudi na kukuta umeondoka, na sasa yeye ndiye anayejiuliza amekukosea nini.

Lipi kati ya hayo? Ulimi unaniwasha kusema Muscat, maana mimi nilikuwa mle chumbani na Mwanaidi hakuwepo. Lakini Mwanaidi alikuwepo uani na mimi sikuwepo. Nyamaza tu, nami ninyamaze, ingawa nina hakika yangu.

Mpigie Ijumaa baada ya sala. Mwandikie Mwanaidi asubuhi, nakukumbusha, mtu mzima huombwa hodi. Mwambie aegemeze simu kwenye mtungi, kamera ielekee ukutani si mlangoni. Picha ikiganda usikate, zima kamera yako tu, sauti itaendelea hata mtandao wa Bweni ukiwa hoi. Na akikuuliza kama kanga yake imekaa sawa, mwambie imekaa sawa, umsomee maandishi yake. Habari za shamba hukuzisikia kwangu.

Baba yako