Uwezekano kwenye mti wa maamuzi hausomwi kinyumenyume: kwa wanaoanza

Wadogo zangu, nimemaliza kupitia rundo jingine la kazi zenu za miti ya maamuzi, na kosa kubwa ni lile lile la waliowatangulia, tena limefanywa kwa kujiamini kule kule. Michoro ni safi, miraba na miduara iko mahali pake, na majibu yamepigiwa mistari miwili, ingawa baadhi yake hayawezekani kabisa.

1. Mti huchorwa kutoka kushoto kwenda kulia, lakini hukokotolewa kutoka kulia kurudi kushoto. Kwenye duara, palipo na jambo la bahati, zidisha kila faida kwa uwezekano wake kisha ujumlishe. Kwenye mraba, palipo na uamuzi wako, chagua thamani kubwa zaidi na ukate matawi yaliyobaki. Anayetafuta wastani kwenye mraba anauchukulia uamuzi wake mwenyewe kama jambo la bahati nasibu.

2. Hapa ndipo mnaponichosha. Swali lilihusu kampuni inayochagua kati ya kiwanda kikubwa na kidogo, huku uwezekano wa mahitaji ya soko kuwa makubwa ukiwa 0.4 na kuwa madogo 0.6. Kiwanda kikubwa huleta faida ya 900 mahitaji yakiwa makubwa na hasara ya 300 yakiwa madogo, ilhali kidogo huleta 400 au 100, vyote katika maelfu. Thamani tarajiwa ya kikubwa ni 360 kutoa 180, yaani 180, na ya kidogo ni 160 kujumlisha 60, yaani 220. Bila taarifa zaidi, basi, kampuni ijenge kidogo. Mpaka hapo karibu wote mmepata.

Kisha kampuni inaweza kununua utafiti wa soko kwa 30. Mahitaji yakiwa makubwa, utafiti hutoa ripoti nzuri kwa uwezekano wa 0.9; yakiwa madogo, hutoa ripoti nzuri kwa uwezekano wa 0.4. Wengi wenu mmeichukua ile 0.9 na kuibandika kwenye tawi la mahitaji makubwa baada ya ripoti nzuri, kisha mkaweka 0.4 kwenye tawi kama hilo baada ya ripoti mbaya. Lakini 0.9 inaeleza ripoti itakavyokuwa iwapo soko ni kubwa, wakati meneja aliyeshika ripoti mkononi anataka kujua soko lilivyo. Hayo ni maswali mawili tofauti, na la pili hujibiwa kwa kanuni ya Bayes.

Ripoti nzuri huja kwa njia mbili: 0.4 mara 0.9 ni 0.36, na 0.6 mara 0.4 ni 0.24, hivyo uwezekano wake wote ni 0.60. Uwezekano wa mahitaji makubwa baada ya ripoti nzuri ni 0.36 kugawanya kwa 0.60, yaani 0.6 na wala si 0.9; baada ya ripoti mbaya ni 0.4 mara 0.1, yaani 0.04, kugawanya kwa 0.40, yaani 0.1. Sasa rudini nyuma: ripoti ikiwa nzuri, kiwanda kikubwa kina thamani ya 420 dhidi ya 280 ya kidogo; ikiwa mbaya, kidogo kina 130 na kikubwa kina hasara ya 180. Mti wote wenye utafiti unatoa 0.6 mara 420 kujumlisha 0.4 mara 130, ambayo ni 304. Utafiti unaongeza 84, unagharimu 30, basi ununuliwe.

Walioziacha tarakimu kinyumenyume walipata 556, na wakaandika bila wasiwasi kwamba utafiti una thamani ya 336. Mngejiuliza kwanza mjuzi asiyekosea kamwe angekuwa na thamani gani! Yeye angewafikisha kwenye 0.4 mara 900 kujumlisha 0.6 mara 100, yaani 420, ambayo inazidi 220 kwa 200 tu. Utafiti wenye kasoro hauwezi kumshinda. Kipimo kingine ni chepesi zaidi: 0.6 mara 0.6 kujumlisha 0.4 mara 0.1 hurudisha 0.4 ya mwanzo, ilhali tarakimu zenu zilirudisha 0.70.

3. Gharama ya utafiti hutolewa mara moja tu, ama kwenye ncha za matawi ama mwishoni. Mmoja wenu aliitoa kotekote, hata kwenye tawi la wasionunua utafiti.

4. Mkishapata jibu la awali, tafuteni p, uwezekano wa mahitaji makubwa ambao kwao viwanda viwili vinalingana. Kwa hesabu hii, 1200p kutoa 300 ni sawa na 300p kujumlisha 100, hivyo p ni takriban 0.44. Makadirio yetu yalikuwa 0.4; iwapo aliyeyatoa amekosea kwa 0.05 tu kwa upande wa chini, pasipo utafiti kiwanda kikubwa ndicho kingestahili kujengwa.