Kuukubali wasiwasi bila kuungoja uondoke

Swali: "Daktari, tangu mwaka jana nikipanda daladala moyo unanienda mbio na kifua kinabana. Nimepima moyo, damu na tezi ya shingo, nikaambiwa niko sawa. Mshauri alinielekeza niukubali wasiwasi. Nimeukubali wiki tatu sasa, lakini hautoki. Ninakosea wapi?"

Jibu: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuanza na vipimo, kwa kuwa tezi inayofanya kazi kupita kiasi na upungufu wa damu huweza kuleta mapigo kama hayo. Kosa limejificha katika neno "hautoki", kwani anayemkaribisha mgeni huku akitazama saa bado anamfukuza, ila kwa adabu. Kila unapoukagua moyo kuona kama umetulia, ubongo huuchukulia ukaguzi huo kuwa dalili ya hatari, adrenalini huongezeka, na mapigo hupanda zaidi. Daktari Claire Weekes wa Australia aliitenga hofu ya kwanza, inayokuja yenyewe, na ya pili, tunayoiongeza kwa kuiogopa ile ya kwanza. Tunachoacha kulisha ni hii ya pili.

Anza nyumbani, dakika 10 kila siku kwa saa ile ile. Keti, nyayo zikiwa sakafuni, kisha tafuta mahali wasiwasi ulipo mwilini na ueleze kama fundi cherehani anavyoeleza kitambaa: unaanzia wapi, unaishia wapi, ni mzito au mwepesi, umetulia au unatembea. Usivute pumzi ndefu ili uupunguze, wala usinywe maji ili uuzime. (Dua haina ubaya, ubaya ni kuomba huku umeshika mshipa wa mkono ukihesabu.) Ukitaka kuinuka, sema kimoyomoyo, "hamu ya kukimbia ipo", kisha rudi kifuani. Dakika zikiisha, fanya kazi ndogo papo hapo, kama kuosha vyombo, hata kama kifua bado kimebana.

Baada ya wiki moja au mbili, lipeleke zoezi barabarani kwa safari ya vituo viwili. Kijana mmoja niliyemhudumia aliamini ameshakubali, ilhali kila safari aliketi karibu na mlango akiwa na chupa ya maji mapajani. Tulipokubaliana akae katikati na chupa ibaki nyumbani, safari ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zote zilizotangulia, naye akashuka kwenye kituo alichokusudia. Katika daftari lake hakuandika ukali wa wasiwasi, bali aliandika: "Nimefika, nimenunua sabuni."

Nawe andika hivyo, maana alama za ukali zitakurudisha kwenye ukaguzi. Ukipata maumivu ya kifua unapopanda ngazi, au ukizimia, rudi hospitali. Mawazo ya kujidhuru nayo yakikujia, usiyaachie zoezi hili. Mwone mtaalamu siku hiyo hiyo.