Safu ya Results haijumlishwi

Maswali ya safari hii mengi yametoka kwa watu waliofungua kwa mara ya kwanza faili ghafi la matangazo ya Facebook na Instagram, lile la CSV linaloshushwa kutoka Ads Manager. Nimeyachukua yanayohusu kosa moja, maana ndilo linalowala watu pesa pwani hii: kujumlisha visivyojumlishika.

"Mwalimu, kijana anayenitangazia nyumba yangu ya wageni hapa Shela ameniletea faili la Excel. Anasema nimepata matokeo 21,858, kila moja senti 67. Mbona walioniandikia WhatsApp hawafiki arobaini, na waliolala ni sita tu?" (Shela, Lamu)

Kwa sababu amejumlisha watu, mibofyo na mazungumzo kana kwamba ni kitu kimoja. Bi mkubwa, umefanya vizuri kunitumia faili lenyewe badala ya picha ya simu. Nimepunguza safu zisizohitajika, na mistari yako mitatu ni hii:

```
Campaign name,Results,Result indicator,Amount spent (KES)
Ujumbe,48,actions:onsite_conversion.messaging_conversation_started_7d,7200
Jahazi,310,actions:link_click,3100
Picha,21500,reach,4300
```

Kila mstari ni kampeni moja. Usianze kusoma na Results, anza na safu iliyo kando yake, Result indicator, kwani hiyo ndiyo inayosema ile namba inahesabu nini. Facebook huandika kwenye Results lile lengo ulilochagua ulipotengeneza kampeni, basi. Ukichagua mazungumzo, inahesabu mazungumzo. Ukichagua kufikia watu wengi, inahesabu watu waliopitishiwa picha mbele ya macho, hata kama hawakuiangalia.

Kwa hiyo 48 ni mazungumzo yaliyoanzishwa, 310 ni mibofyo ya kiungo, na 21,500 ni watu waliopitiwa na picha ya nyumba yako. Ni sawa na kuhesabu samaki, ndoana na mashua, kisha kusema nimevua jumla yake. Kijana alichukua shilingi 14,600 akazigawa kwa 21,858, ndipo zikatoka zile senti 67. Senti hizo hazina maana yoyote.

Hesabu ya kweli ya mstari wa kwanza ni 7,200 kugawa kwa 48, yaani shilingi 150 kwa kila mazungumzo. Wa pili ni shilingi 10 kwa mbofyo. Wa tatu una mtego wake. Kwenye safu ya Cost per results, niliyoiondoa hapo juu, utakuta 200, nawe utadhani umelipa shilingi 200 kwa kila mtu. Sivyo. Kampeni ya kufikia watu hupigiwa bei kwa kila watu 1,000: 4,300 kugawa kwa 21.5 ni 200. Hivyo hata safu ya bei hubadilisha kipimo kutoka mstari hadi mstari, wala hakuna alama inayokuonya.

Sasa tofauti ya 48 na arobaini zako. Tazama mwisho wa lile neno refu: `7d`. Ni siku saba. Mtu akikuandikia, akanyamaza zaidi ya siku saba, kisha akarudi kuuliza tena bei ya chumba, anahesabiwa mazungumzo mawili. Wewe kwenye simu unaona jina moja. Angalia pia kama kuna mtu mwingine anayeshika simu ya nyumba na kufuta jumbe. Tofauti ya nane kwa arobaini hainishtui. Ingekuwa 48 kwa kumi, ningekuambia usimamishe tangazo leo hii.

Wageni sita waliolala wapigie hesabu kwa pesa yote, 14,600, maana yote imetoka mfukoni mwako. Kila mgeni amekugharimu shilingi 2,433. Kama chumba chako kinaingiza zaidi ya hapo baada ya shuka, chai na mshahara wa dada wa usafi, endelea. Wageni hao sita hawamo ndani ya faili, na hakuna safu itakayowaonyesha. Wamo kwenye daftari lako la wageni. Kila anayefika muulize alikuona wapi, na uliandike jibu hapo hapo kando ya jina lake.

Na jambo ambalo hukuniuliza: akaunti ya matangazo iko kwa jina la nani? Ikiwa ni ya kijana, siku mtakapokosana ataondoka na historia yako yote. Fungua ya kwako, umpe yeye ruhusa ya kuifanyia kazi. Yalinikuta mimi mwenyewe na wakala mmoja, na rekodi za miaka miwili sikuziona tena.

"Nimeshusha faili la wiki nzima, siku moja moja. Nikijumlisha Reach napata 15,400, lakini faili lisilogawanywa kwa siku linasema 9,600. Lipi linadanganya?" (Malindi mjini)

Hakuna linalodanganya, ila jumla yako ndiyo isiyo na maana. Reach ni watu, na mtu hahesabiwi mara mbili ndani ya kipindi ulichoomba. Ukiomba siku moja moja, jirani yako aliyeliona tangazo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yumo kwenye mistari mitatu. Ukiomba wiki nzima kwa pamoja, yumo mara moja tu. Ni kama mahudhurio ya msikitini: ukijumlisha safu za sala tano za siku, hujapata idadi ya waumini wa mtaa.

Impressions ndizo zinazojumlishika, kwa kuwa zinahesabu mara tangazo lilipoonyeshwa, na kila kuonyeshwa ni kipya. Kwako ni 19,200. Gawa kwa 9,600, unapata 2: kila mtu ameliona mara mbili kwa wastani. Hiyo ndiyo safu ya Frequency. Ukigawa kwa 15,400 yako unapata 1.25, halafu unaamini kwamba watu hawajaliona vya kutosha na unaongeza bajeti bila sababu. Hapo ndipo hesabu mbaya inapogeuka kuwa hasara.

Kwa hiyo ukitaka Reach ya mwezi, rudi Ads Manager, chagua tarehe za mwezi mzima, ondoa mgawanyo wa siku, ushushe upya. Hakuna fomula ya Excel itakayokutolea namba hiyo kutoka kwenye mistari ya siku, kwa sababu faili halikwambii ni nani aliyejirudia.

"Jumla ya Amount spent imetoka maradufu kamili ya bajeti yangu. Nimeibiwa?" (Watamu)

Hapana, uliposhusha uliacha alama kwenye kisanduku cha mstari wa jumla, nawe ukaujumlisha pamoja na mingine. Tafuta mstari usio na jina la kampeni, uufute.

"CTR nzuri ni asilimia ngapi?" (wengi, tena na tena)

Nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba sasa naomba msinitumie tena bila namba zenu. CTR ni asilimia ya maonyesho yaliyopata mbofyo, nayo peke yake haisomeki. Na acheni kutafuta wastani wa safu hii. Kampeni moja ilionyeshwa mara 500 ikapata mibofyo 10, hiyo ni 2%. Nyingine ilionyeshwa mara 20,000 ikapata mibofyo 100, hiyo ni 0.5%. Fomula ya wastani itakupa 1.25%. Ukweli ni mibofyo 110 kwa maonyesho 20,500, yaani chini kidogo ya 0.54%. Jumlisha kwanza mibofyo, jumlisha maonyesho, kisha ugawe mara moja.

"Naendesha safari za mashua kwenda kuona matumbawe. Clicks (all) zangu ni 640, Link clicks 95, na Landing page views 61. Wengine wamepotelea wapi?" (Malindi)

Wengi wao hawakuwa na safari ya kuja kwako. Clicks (all) inahesabu kila kidole kilichogusa tangazo: aliyependa, aliyefungua picha aone maji vizuri, aliyebofya kusoma maandishi yaliyobaki, aliyegusa jina la ukurasa wako. Tangazo lenye picha nzuri ya matumbawe litavuta vidole vingi sana vya namna hiyo. Namba hii usimpe mtu kama ushahidi wa biashara, na ukiletewa ripoti yenye hii tu, uliza zile nyingine zimefichwa kwa nini.

Link clicks 95 ndio waliobofya kiungo. Landing page views 61 ndio waliosubiri hadi ukurasa wako ukafunguka. Waliopotea kweli ni hao 34 wa katikati, zaidi ya theluthi moja, na hapo kosa si la Facebook. Nimeufungua ukurasa wako kwenye simu ya kawaida. Picha ya kwanza ilichukua muda mrefu, na nilikuwa mjini penye mtandao mzuri. Mtu aliye kwenye boti kati ya Mokowe na Lamu hangesubiri. Punguza uzito wa picha, uache tangazo vile vile, kisha ulinganishe namba hizi mbili baada ya wiki. Zikikaribiana, umepata dawa. Ukiona Landing page views ni tupu kabisa huku mibofyo ipo, basi kile kipande cha msimbo cha Meta kinachowekwa kwenye tovuti hakifanyi kazi. Hapo mwite aliyekujengea tovuti.

"Faili linasema nimetumia 14,600 lakini kadi imekatwa zaidi." (Lamu)

Amount spent haina VAT. Weka 16% juu yake, utapata 16,936. Wala usitarajie tarehe zilingane: kadi hukatwa deni linapofika kiwango fulani, huku faili likiandika siku tangazo lilipoonyeshwa. Ya kumpelekea mhasibu ni ankara, siyo faili hili.

"Tuliwasha tangazo Jumamosi saa mbili asubuhi, lakini faili linaonyesha pesa za Ijumaa. Inawezekanaje?" (Malindi)

Aliyefungua akaunti aliiacha kwenye saa za Marekani. Safu ya siku hufuata saa za akaunti, haifuati jua la Malindi. Akaunti ikiwa kwa saa za Los Angeles, Jumamosi yake inaanza huku kwetu saa nne au saa tano asubuhi kulingana na majira yao, na yote ya kabla ya hapo yanaandikwa Ijumaa. Jumla ya mwezi haitaharibika sana, ila usithubutu kuamua siku gani inauza kwa kutumia faili hilo. Kubadilisha saa kunamaanisha kufungua akaunti mpya na kuanza historia upya, kwa hiyo subirini msimu wa wageni uishe ndipo mfanye hivyo, na mchague saa za Nairobi kabla ya kuweka kadi.