Multipleksa ya 4 kwa vigeu vitatu

"Nina 74HC153 tu, F ni 1 kwenye safu 1, 2, 6 na 7. Si nahitaji ya ingizo nane?"

Hapana mkuu. A na B ziwe za kuchagua, kisha soma jedwali la ukweli safu mbili mbili. Safu 0 na 1, F inafuata C, basi I0=C. Safu 2 na 3 inaipinga, I1=C'. I2=0, I3=1. Dikoda ingekudai geti la OR pia.

Angalia pini: A ya chipu ndiyo biti ndogo, kwa hiyo B yako iende hapo. Ukikosea, ABC=100 itakupa 1 badala ya 0. Pini 1 iende graundi; ikiwa 1, tokeo litabaki 0 daima.