Masi ya moli ya protini kwa shinikizo la osmosisi: anza na chumvi, malizia na mstari

Yeyusha gramu 10 za albumini ya damu ya ng'ombe katika lita moja ya maji, kisha hesabu moli zilizomo: ni kama 0.00015 tu. Kwa uchache huo, kiwango cha kuganda cha maji hayo kitashuka kwa nyuzi 0.0003 hivi, na hakuna kipimajoto cha maabara ya shule kitakacholiona badiliko hilo. Lakini ukiufunga myeyusho huohuo ndani ya utando unaopitisha maji na chumvi huku ukiizuia protini, maji yataingia na kuupandisha mrijani kama sentimita nne. Hizo unazipima kwa rula. Ndiyo sababu shinikizo la osmosisi linafaa kwa molekuli kubwa kuliko njia nyingine za kuhesabu chembe, na ndiyo njia iliyomwezesha Gilbert Adair, mwaka 1925, kuonyesha kuwa hemoglobini ina masi ya takriban gramu 67,000 kwa moli. Waliopima chuma peke yake walikuwa wanapata kama 16,700, kumbe kila molekuli ina atomi nne za chuma.

Hesabu yenyewe ni fupi:

```
Π/c = RT/M + RTB·c
```

Π ni shinikizo kwa paskali, c ni gramu za protini kwa lita, na M, masi ya moli, hapa inatoka kwa kilogramu kwa moli. R ni namba thabiti ya gesi, 8.314, na T ni joto kwa kelvini. B ni kipimo cha jinsi molekuli zinavyosukumana zinapokaribiana. Wengi husoma sehemu ya kwanza tu, hupima myeyusho mmoja, hugawanya, basi. Jibu lao huwa dogo kuliko masi ya kweli, wala kosa si la rula.

Kabla ya vyombo, tuizungumze chumvi, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Albumini katika pH 7.4 hubeba chaji hasi 17 hivi kwa kila molekuli. Ukiiyeyusha katika maji matupu, kila molekuli inabaki na ayoni zake 17 za sodiamu. Ayoni hizo ni ndogo na zingepenya utando bila taabu, ila haziwezi kuiacha protini nyuma, kwa sababu chaji lazima zilingane kila upande. Kwa hiyo utando hauoni chembe moja, unaona 18. Shinikizo linapanda karibu mara 18, na masi ya 66,500 inasomeka kama 3,700. Kupunguza protini hakukuokoi: hata ibaki kidogo namna gani, kila molekuli bado ina ayoni zake.

Tia chumvi ya kutosha pande zote mbili na mambo hubadilika. Sasa ayoni za nje zinaweza kuingia na kutoka, na ile ziada inayoletwa na chaji inapungua kadiri protini inavyopungua, hadi inaisha kabisa pale c inapofika sifuri. Yaani chumvi inalihamisha kosa kutoka kwenye mwanzo wa mstari wa Π/c dhidi ya c hadi kwenye mwinamo wake, na mwinamo hatuuhitaji ili kupata M. Katika chumvi ya moli 0.15 kwa lita, albumini ya gramu 20 kwa lita hubaki na ziada ya asilimia 14 hivi kwa sababu ya chaji. Ziada hiyo inaondoka ukiurudisha mstari nyuma hadi sifuri. Unaweza pia kusogeza pH karibu na pale chaji za protini zinapolingana, ambapo kwa albumini ni kama 4.7, lakini protini nyingi hushikamana na kuchafuka zikifika hapo. Mimi nashauri ubaki 7.4 na chumvi yako.

Basi tengeneza bafa ya lita mbili: gramu 8.8 za sodiamu kloraidi kwa kila lita, na fosfeti ya milimoli 10 kwa lita ya kushikilia pH 7.4. Tumia maji yaliyotoneshwa. Maji ya visima vya pwani yasikukwaze kwa chumvi yake, maana chumvi itapita utando. Ubaya wake ni vijidudu na pH usiyoijua. Protini usiikoroge kwa nguvu. Imwage juu ya bafa iliyotulia, iache ielee kama unga wa ngano juu ya maji, italowa na kuzama yenyewe kwa nusu saa. Ukiitikisa inatoa povu jeupe lisiloisha, na protini iliyonaswa katika povu huharibika umbo.

Unga wa albumini katika hewa ya Lamu au Malindi hunyonya unyevu mara kopo likifunguliwa, hasa miezi ya mvua. Unaweza kupima gramu 10 ambazo ndani yake mna karibu gramu moja ya maji, na kosa hilo linaingia moja kwa moja kwenye M. Kwa hiyo usiamini mizani peke yake. Kama kuna spektrofotometa, pima ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 280 katika kyuveti ya sentimita moja: albumini ya gramu moja kwa lita husoma kama 0.66. Kama hakuna, kausha kiasi kidogo cha unga kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena, ujue maji ni asilimia ngapi.

Utando ni ule wa dayalisisi unaozuia kuanzia masi ya 12,000 hadi 14,000. Uchemshe dakika kumi katika maji yenye magadi soda kidogo, usuuze, na tangu hapo usikauke tena, kwani ukikauka unapasuka nyufa usizoziona. Kabla ya kupima, weka protini ndani ya mfuko wa utando huo usiku kucha katika bafa ileile, ili vitu vidogo vilivyokuja na unga vitoke. Kisha jaza mililita 10 katika mfuko mpya, ingiza kizibo cha mpira chenye mrija wa kioo, na ukaze kwa uzi wa nailoni wa wavuvi, mizunguko mitano sita juu ya utando uliolowa. Mfuko uwe umekaza bila kiputo, nao uning'inie ndani ya bika la bafa ileile. Mfuko uliolegea utanywa maji kwanza hadi ujae, na wakati huo safu mrijani haipandi hata kidogo.

Mrija uwe na uwazi wa milimita 1. Wa milimita 3 unavutia kwa kuwa ni rahisi kusafisha, lakini ili safu ipande sentimita 8.7 ndani yake lazima iingie mililita 0.6 ya maji, nayo inaupunguzia nguvu myeyusho wako kwa asilimia 6. Ule mwembamba unahitaji mililita 0.07 tu. Gharama yake ni kwamba mrija mwembamba huvuta maji wenyewe, zaidi ya sentimita moja, hata kusipokuwa na osmosisi. Chovya mrija huohuo katika myeyusho huohuo ndani ya bika wazi, soma ulivyopanda, na utoe kiasi hicho kwenye kila kipimo. Usitumie maji kwa jaribio hili, maana protini hupunguza mvutano wa uso na mpando hutofautiana.

Joto nalo lina lake. Mililita 10 zikipata nyuzi moja zaidi hutanuka kiasi cha kupandisha safu karibu milimita 3.6 katika mrija huo, kabla utando haujapata nafasi ya kulisawazisha. Chumba ambacho mchana kina nyuzi 31 na usiku 26 kitakupa safu inayopanda na kushuka kama maji ya bahari. Weka chombo chote ndani ya boksi la kuhifadhia samaki, lisafishwe vizuri, lijazwe maji ya joto la chumba. Maji mengi hayabadiliki haraka.

Andaa mifuko miwili kwa kila kiwango cha protini. Mmoja uanze na safu chini ya unapotarajia, mwingine uanzie juu kwa kuongeza myeyusho mrijani. Zikikutana mahali pamoja, hapo ndipo pa kweli. Safu inayopanda peke yake inaweza kuwa bado haijafika, nawe ukadhani imefika kwa sababu umechoka kuingoja.

Tuchukue vipimo vya mfano, katika nyuzi 27, yaani kelvini 300, hivyo RT ni 2494. Kila sentimita ya myeyusho huu ni paskali 98. Urefu, baada ya kutoa mvuto wa mrija, ni huu:

```
c (g/L)   h (cm)   Π (Pa)   Π/c
5         2.0      196      39.2
10        4.1      402      40.2
20        8.7      853      42.6
30        13.9     1362     45.4
```

Angalia safu ya mwisho ya jedwali, ile ya Π/c. Kama protini ingekuwa ya kinadharia kabisa, nambari zingelingana, hapa zinapanda. Aliyepima gramu 30 peke yake atagawanya 2494 kwa 45.4 na kupata 54.9, yaani masi ya 55,000. Ukichora Π/c dhidi ya c na kuurudisha mstari hadi c ya sifuri, unaukata mhimili karibu na 37.8. Gawanya 2494 kwa 37.8: kilogramu 66 kwa moli, au 66,000. Nukta ya gramu 5 iko juu kidogo ya mstari, na sababu iko wazi: kosa la milimita moja katika sentimita mbili ni asilimia 5. Usiipe uzito sawa na zile nyingine, na usishuke chini ya gramu 5 ukitafuta usahihi.

Safu ikikataa kutulia na kuendelea kupanda siku ya pili na ya tatu, nusa mfuko na uutazame kwenye mwanga. Vijidudu vimeanza kuikata protini, na vipande vikubwa kuliko tundu la utando vinahesabiwa kama molekuli mpya. Fanya kazi katika friji ya nyuzi 4, ukikumbuka kutumia RT ya 2303. Ikiwa badala yake safu inafika juu halafu inashuka polepole, protini inavuja. Chukua mililita mbili za bafa ya nje, tia kitendanishi cha biureti. Rangi ya buluu ikigeuka zambarau, kipimo hicho kitupe. Biureti isipoonyesha kitu, chunguza fundo la uzi.

Na ukipata 70,000, mstari ukiwa umenyooka, hakuna uvujaji na joto limetulia, usiharakishe kulaumu mrija. Osmosisi inahesabu vichwa, na molekuli mbili zilizoshikana ni kichwa kimoja. Albumini ya kopo mara nyingi huja na molekuli pacha. Zikiwa asilimia 10 ya uzito, wastani unatoka kuwa 70,000 hasa.