Kinu kimebaki

Swali la wiki: "Umewahi kuona kitu cha zamani kikiokolewa kilipokaribia kupotea? Tusimulie."

Mimi ni fundi redio hapa Mpwapwa. Redio kaseti siku hizi naletewa kwa nadra, ndiyo maana kijana huyu namkumbuka. Alikuja na bibi yake na kaseti moja. Mwaka 1994 mama yake alikwenda kujifungulia kwao, akarekodi salamu za kumtumia mumewe aliyekuwa kazini Mtera. Kaseti haikupelekwa, na mama hakuishi muda mrefu. Kijana sauti ile hakuijua.

Alitaka tuwashe kompyuta mara moja. Nikamwambia, tuanze na hedi, kile kidude kinachosoma utepe. Niliisafisha kwa spiriti na pamba, kisha kaseti ikiwa inaimba nikazungusha kidogo kidogo skrubu iliyo kando ya hedi mpaka maneno yakachangamka. Hedi ikikaa upande, sauti nyembamba hazisomwi, na ambacho hakikusomwa hakuna programu itakayokirudisha.

Tukapitisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye laptopu, tukarekodi kwa programu ya Audacity. Nakala hiyo ghafi tuliihifadhi kwenye flashi bila kuigusa. Kwenye nakala ya pili kijana akatafuta mahali mama alipopumua, penye mvumo wa utepe peke yake. Akapachagua, akafungua kipunguza kelele, Noise Reduction, akabonyeza Get Noise Profile ili programu iijue kelele yenyewe. Halafu akachagua rekodi nzima na kupandisha kipimo cha kupunguza hadi 30. Mvumo ukaisha kabisa!

Bibi akasikiliza, akakunja uso. "Mwanangu hakuwa na kithembe."

Alikuwa na haki. Herufi kama s, sh na f zenyewe ni mvumo, tena ziko juu kulekule uliko mvumo wa utepe. Ukikaza sana, programu inazifagia zote, na kinachobaki kinasikika kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Nikamwonyesha kijana kitufe cha Residue, kinachokusikilizisha kile kinachotupwa. Humo tulisikia maneno ya mama yake, mengine mazima.

"Kumbe mama tunamtupa na takataka," akasema.

Akabatilisha, akashusha kipimo hadi 9, akapunguza na Sensitivity, yaani wepesi wa programu kuhesabu sauti kuwa kelele, akijaribu kila mara mpaka Residue ikawa mvumo mtupu. Kelele kidogo ilibaki nyuma, lakini sikio huizoea upesi, na kithembe kikaondoka.

Kilichomkera sasa ni kinu. Tangu mwanzo wa kaseti kulikuwa na mtu anatwanga. Nikamweleza kwamba njia hii hupunguza kelele isiyobadilika tu, kama mvumo au mngurumo wa umeme. Kishindo kinachokuja na kuondoka, juu ya maneno ya mtu, hakiwezi.

"Kwani mnataka kukitoa cha nini?" bibi akauliza. "Anayetwanga ni mimi."