KOR 48 si Korea: andiko letu la kiufundi lilipokwenda Kikorea

Kampuni yetu changa iko Mtwara mjini. Tunatengeneza kifaa cha kupima unyevu na joto ndani ya maghala ya korosho ghafi. Watengenezaji wa vihisi wa Korea Kusini walipotaka kusoma kwa lugha yao andiko letu la kiufundi, tuliloliandika kwa Kiingereza, mwenzangu alisema litafsiriwe neno kwa neno. Mimi nilitaka liandikwe upya kabisa, lisomeke kama limezaliwa Seoul. Tulibishana wiki nzima, na sote tulikosea, maana tulikuwa tunatafuta jibu moja la andiko zima.

Rasimu ya kwanza ilifuata njia ya mwenzangu. Humo tulikuwa tumeandika "KOR 48". Mtu wa korosho hahitaji maelezo: ni pauni za kiini kizuri zinazopatikana kwenye gunia la kilo 80. Ila KOR ndiyo alama ya nchi ya Korea, ile mnayoiona kwenye jezi za wanariadha wao. Mkorea aliyepitia rasimu akatuuliza Korea 48 inafanya nini kwenye ghala la Tandahimba. Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Mtafsiri hakukosea hata herufi, na bado msomaji hakuambulia kitu. Tukabadilisha: kiini kizuri kilo 21.8 kwa gunia la kilo 80, yaani kama asilimia 27, na KOR ikatajwa mara moja tu pamoja na maana yake.

Rasimu ya pili ikafuata njia yangu. Nilimwambia mtafsiri ajisikie huru, naye akajisikia. Pale tulipoandika kwamba kifaa kilijaribiwa kwa umeme wa volti 230, hezi 50, yeye akaweka volti 220, hezi 60, kwa kuwa ndio umeme wa Korea. Sentensi ilikuwa laini na ya kwao kabisa, ila ya uongo, kwa sababu hatujawahi kukijaribu kifaa kwa hezi 60. Mhandisi angeweza kuagiza kitu kwa kuitegemea sentensi hiyo.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachotumia mpaka leo. Kila aya naiuliza: je, kuna mtu atapima, atanunua au atasaini kwa sababu ya maneno haya? Kama yupo, naipaka nyekundu, na tafsiri lazima iwe aminifu. Kama aya ipo tu kumkaribisha msomaji, naipaka kijani, na mtafsiri aiandike atakavyo. Rangi hizo tunaziweka sisi, kabla faili halijaondoka. Usimwachie mtafsiri akisie.

Kuna maneno yanayokaa katikati, na hayo ndiyo yaliyotuchosha zaidi. Chukua stakabadhi ghalani. Sheria yetu ni ya mwaka 2005, na korosho ziliingizwa kwenye mfumo huo msimu wa 2007/08. Mtafsiri alianza na yongsujung, neno la risiti ya kawaida, ile ya dukani. Kumbe stakabadhi yetu ni hati ya mzigo, na mkulima anaweza kuikopea. Kikorea kina changgo-junggwon, hati ya ghala iliyomo kwenye sheria yao ya biashara. Neno hilo liko karibu zaidi, ila linabeba masharti ya sheria ya Korea. Tukalitumia, tukaongeza sentensi moja kwamba hati inayozungumziwa hapa inatolewa chini ya sheria ya Tanzania. Sentensi hiyo haimo kwenye Kiingereza chetu, lakini bila hiyo uaminifu wetu ungekuwa wa juu juu.

Mtafsiri pia alitaka tuamue miisho ya vitenzi, jambo ambalo sisi tusingeliwaza. Mwisho wa -handa ni mkavu, wa ripoti. Wa -hamnida unaongea na mteja kwa heshima. Tulichagua -handa kwa andiko zima, na -hamnida tukaiweka kwenye barua ya utangulizi.

Mwishoni tulimpa mtu mwingine, asiyeona Kiingereza chetu, aya nyekundu tu azirudishe kwa Kiingereza. Akatupatia shilingi bilioni 2.5 mahali tulipoandika milioni 250. Wakorea huhesabu kwa makumi-elfu, na baada ya hapo kwa mamilioni-mia, kwa hiyo milioni 250 kwao ni mbili na nusu za milioni-mia. Sifuri moja ilikuwa imeongezeka njiani.

Swali lililobaki ndilo lililotuumbua. Kwenye aya nyekundu tuliandika kwamba korosho zilipokelewa zikiwa "zimekauka vizuri". Mtafsiri akauliza: asilimia ngapi ya unyevu? Hatukuwa na namba. Jumatatu yake mwenzangu alipanda basi la Newala na kipima unyevu mkobani, na Kiingereza chetu nacho tukakirekebisha.